Cheti cha Kuzaliwa Kikipotea: Jinsi ya Kuandika Barua Pepe Itakayomwezesha Msajili Kuipata Rekodi Yako

Katika somo la toleo hili tunaandika barua moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni barua pepe rasmi ya kuomba cheti kingine cha kuzaliwa baada ya kile cha kwanza kupotea. Wengi hukumbuka cheti hiki siku wanapotakiwa kukionyesha, iwe ni kwa maombi ya pasipoti, kumwandikisha mtoto shuleni au kufuatilia urithi. Siku hiyo muda huwa umekwisha, na barua inayoandikwa kwa haraka mara nyingi hukosa jambo moja ambalo ofisi inalihitaji kuliko mengine yote.

Kwanza tuelewane kuhusu anwani. Cheti cha kuzaliwa hakitolewi na Serikali ya Kaunti ya Machakos. Usajili wa vizazi na vifo ni kazi ya serikali ya kitaifa, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149. Kwa hivyo barua yako haielekezwi kwa Gavana, wala kwa msimamizi wa wadi, wala kwa ofisi yetu ya mawasiliano. Inaelekezwa kwa Msajili wa Vizazi na Vifo katika ofisi ambako kuzaliwa kwako kulisajiliwa.

Ombi lenyewe la cheti na malipo yake hupitia eCitizen. Barua pepe haichukui nafasi ya ombi hilo. Kazi yake ni kueleza pale ambapo fomu haitoshi: rekodi ni ya zamani, maelezo hayalingani, au hujui kitabu kiko ofisi gani.

Cheti ni nakala, rekodi imo kitabuni

Ukishaelewa jambo hili moja, barua yote itakuwa rahisi. Ile karatasi uliyoipoteza si rekodi yenyewe. Mtoto anapozaliwa na taarifa kufika kwa msajili, maelezo yake huandikwa katika daftari la usajili: alizaliwa wapi na lini, jinsia yake, jina la baba, jina la mama, nani aliyeleta taarifa, na tarehe ya kusajiliwa. Rekodi hiyo hupewa namba. Cheti ulichokuwa nacho kilikuwa nakala iliyothibitishwa ya rekodi hiyo, na rekodi haikupotea pamoja na mkoba wako.

Kwa hivyo unapoomba cheti kingine, unamwomba karani aifungue rekodi ile ile na kutoa nakala nyingine. Swali lake la kwanza litakuwa, “Rekodi ipi?” Barua yako ikilijibu swali hilo, amepata pa kuanzia. Isipolijibu, hata iandikwe kwa adabu namna gani, hana la kufanya ila kukuandikia akuulize, au kuiweka kando.

Hapo pia ndipo mpaka wa barua hii ulipo. Kama kuzaliwa kwako hakukuwahi kusajiliwa, hakuna nakala ya kutoa. Hilo ni ombi la usajili uliochelewa, nalo lina fomu na masharti yake, kwa kuwa sheria hairuhusu kuzaliwa kusajiliwe baada ya miezi 6 bila idhini ya maandishi. Na kama rekodi ipo lakini jina limekosewa, hilo ni ombi la kusahihisha. Usiyachanganye maombi haya katika barua moja. Karani akiona “nimepoteza cheti na pia nataka kubadilisha jina la baba,” barua nzima itaelekezwa kwenye safari ndefu ya masahihisho, na nakala uliyoihitaji wiki hii itasubiri huko.

Mfano wetu

Tumchukue mkaazi wa kutunga, tumwite Faith Mueni Kyalo. Jina, namba na tarehe zake zote ni za mfano tu. Anaishi Masii, katika kaunti ndogo ya Mwala. Amepata nafasi ya kazi nje ya nchi na anahitaji pasipoti. Mkoba wake ulipotea ndani ya matatu kati ya Masii na mji wa Machakos, cheti kikiwamo. Aliomba kingine kupitia eCitizen, akajibiwa kwamba maelezo aliyotoa hayalingani na rekodi. Akaandika hivi:

“Hujambo. Mimi ni Faith, nimepoteza birthi yangu na naihitaji haraka sana kwa sababu ya kazi. Nilizaliwa Makueni 1988. Namba ya cheti nimeandika kwa eCitizen lakini inakataa. Tafadhali nisaidieni. Asante.”

Hakuna tusi wala uongo humo. Hata hivyo, karani hawezi kuanza kazi. Jina ni moja tu, tarehe ni mwaka mtupu, mama hatajwi, na ombi la eCitizen halina namba. Zaidi ya hayo, kuna makosa mawili yaliyojificha, na ndiyo yaliyolikwamisha ombi lake tangu mwanzo.

Kosa la kwanza ni namba. Cheti cha kuzaliwa kina namba zaidi ya moja. Ipo namba ya mfululizo ya karatasi yenyewe, ambayo mchapishaji aliitia kwenye kila fomu. Ipo pia namba ya rekodi kitabuni, ile inayoandikwa palipochapishwa Entry No. Namba ya karatasi haimpeleki karani kwenye rekodi yako, kwa sababu nakala mpya itatoka kwenye karatasi nyingine yenye namba nyingine. Mueni alikuwa na picha ya zamani ya cheti kwenye simu, akanakili namba ya karatasi, akaiacha ile ya rekodi. Ukiwa na fotokopi, tafuta namba ya rekodi na uinakili kama ilivyo, pamoja na mstari wa mkwaju na mwaka ukiwamo.

Kosa la pili ni mahali. Mueni alizaliwa mwaka wa 1988 katika hospitali iliyo Wote. Leo Wote ni makao makuu ya Kaunti ya Makueni, na kwa hivyo aliandika Makueni. Lakini mwaka wa 1988 hapakuwa na Wilaya ya Makueni. Eneo lote hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, Mkoa wa Mashariki, hadi Makueni ilipotengwa mwaka wa 1992. Cheti chake kinataja Machakos. Ukiwa ulizaliwa kabla ya wilaya kugawanywa, andika mahali kwa majina yote mawili: palivyoitwa wakati ule na panavyoitwa sasa. Kisha uiulize ofisi kitabu cha eneo hilo kiko wapi leo, badala ya kukisia.

Maelezo ya kukusanya kabla ya kuandika

Kabla ya kufungua barua pepe, chukua karatasi na uandike majina yako yote kama yalivyokuwa kwenye cheti, hata kama kitambulisho chako kina mpangilio tofauti. Andika tarehe kamili ya kuzaliwa, hospitali au kijiji, wilaya ya wakati huo, jina la baba, na jina la mama.

Kwenye jina la mama, nenda polepole. Fomu ya usajili huuliza jina la mama la kabla ya kuolewa. Watu wengi huandika lile wanalolijua, yaani jina lake la ndoa, kisha rekodi “haipatikani.” Kama mama yuko hai, mpigie simu umuulize. Kama hayupo, muulize mjomba au shangazi. Ukiwa na mashaka, andika yote mawili na ueleze lipi ni la ndoa.

Kama huna namba ya rekodi, itafute kwenye faili ambazo uliwahi kupeleka nakala ya cheti: shule uliyosoma, mwajiri wa zamani, au ndugu aliyekusaidia kwenye maombi fulani. Kadi ya kliniki ya utotoni haina namba hiyo kwa kawaida, lakini inathibitisha hospitali na tarehe, na hilo linapunguza kurasa ambazo karani atapekua.

Barua yenyewe

Katiba, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili za nchi. Unaweza kuiandika barua hii kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Hii hapa barua ya pili ya Mueni:

Mada: Ombi la nakala ya cheti cha kuzaliwa kilichopotea – Faith Mueni Kyalo – Rekodi 3127/88, Machakos

Masii, Mwala
Tarehe: (siku ya kuandika)

Kwa Msajili wa Vizazi na Vifo,
Ofisi ya Usajili,
Machakos.

Bwana/Bibi,

KUH: OMBI LA NAKALA YA CHETI CHA KUZALIWA KILICHOPOTEA

Naomba nitolewe nakala nyingine ya cheti changu cha kuzaliwa. Cheti cha awali kilipotea safarini na nimeripoti kwa polisi. Ombi langu la eCitizen ni namba (namba ya ombi), na lilirudishwa kwa kuwa nilijaza namba ya karatasi mahali pa namba ya rekodi.

Maelezo ya rekodi ni haya:
Jina: Faith Mueni Kyalo
Namba ya rekodi: 3127/88
Tarehe ya kuzaliwa: 14 Mei 1988
Mahali: hospitali ya Wote, wakati huo Wilaya ya Machakos, sasa Kaunti ya Makueni
Jina la baba: (majina kamili)
Jina la mama kabla ya kuolewa: (majina kamili)
Namba ya kitambulisho changu: (namba)

Cheti kilipotea tarehe (siku) ndani ya matatu kati ya Masii na mji wa Machakos. Niliripoti siku iliyofuata, na namba ya OB imo katika abstrakti ya polisi niliyoambatisha.

Naomba mnijulishe mambo mawili: kwanza, kama rekodi hii imepatikana katika vitabu vyenu, pili, kama vitabu vya eneo la Wote vya mwaka huo vimehamishiwa ofisi nyingine, ni ofisi ipi niielekee. Ikiwa kuna hati nyingine inayohitajika, nitaileta mara moja.

Wako mwaminifu,
Faith Mueni Kyalo
Simu: (namba ya simu)

Viambatisho:
1. Kitambulisho, pande zote mbili
2. Abstrakti ya polisi
3. Picha ya cheti kilichopotea
4. Risiti ya ombi la eCitizen

Tuisome tena pamoja. Mada peke yake inatosha kumwonyesha karani ni ombi la nini, ni la nani, na ni rekodi ipi. Maneno “naomba msaada” au “haraka sana” hayafanyi kazi hiyo, na barua yenye mada ya namna hiyo ni vigumu kuitafuta baadaye kati ya mamia.

Sentensi ya kwanza ni ombi. Salamu ndefu na habari ya kazi ya ng’ambo hazimo. Ikiwa una tarehe ya miadi ya pasipoti, unaweza kuitaja kwa sentensi moja mwishoni na kuambatisha ushahidi wake. Tarehe yenye ushahidi ni habari ambayo ofisi inaweza kuithibitisha.

Maelezo ya rekodi yamepangwa mstari kwa mstari, kwa sababu karani atakuwa akiangalia barua kwa jicho moja na kitabu au kompyuta kwa jicho la pili. Maelezo yaliyofichwa ndani ya aya ndefu hurukwa.

Kosa la awali limekiriwa kwa uwazi. Mueni hakusema “mfumo unanikatalia.” Alisema alijaza nini mahali pa nini. Sasa karani hahitaji kuchunguza kwa nini ombi lilirudi.

Na mwisho, maswali mawili yanaweza kujibiwa kwa ndiyo au siyo, au kwa jina la ofisi. Hata jibu likiwa “rekodi haipo hapa,” Mueni atakuwa amesonga hatua moja.

Viambatisho

Abstrakti ni hati ya polisi inayothibitisha kwamba uliripoti upotevu. Hakikisha kilichoandikwa humo ni “cheti cha kuzaliwa” pamoja na jina lako kamili. Abstrakti inayosema “mkoba na vitu vingine” haithibitishi lolote kuhusu cheti. Isome kabla ya kuondoka kituoni. Ikiwa ofisi itataka pia hati ya kiapo, itakuambia, nawe utaenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukiwa na maelezo yale yale. Tarehe na mahali pa upotevu lazima vifanane katika barua, abstrakti na kiapo. Tofauti ndogo, kama vile Jumatatu huku na Jumatano kule, huzua maswali.

Kupiga picha hati kwa simu kunatosha ukizingatia haya. Laza karatasi mezani karibu na dirisha mchana, simu iwe juu yake wima, na pembe zote nne zionekane. Kisha ikuze picha hadi namba ndogo kabisa. Ukishindwa kuisoma wewe, karani hataisoma. Hifadhi kila hati kama faili moja ya PDF na uipe jina linaloeleweka, kama hivi:

```
1_kitambulisho_Mueni_Kyalo.pdf
2_abstrakti_Mueni_Kyalo.pdf
3_cheti_cha_zamani_Mueni_Kyalo.pdf
4_risiti_ecitizen_Mueni_Kyalo.pdf
```

Namba za faili zilingane na orodha iliyo chini ya barua. Kabla ya kutuma, hesabu: orodha inasema nne, faili ziwe nne. Usitume hati ambayo haikuombwa, kama vile taarifa ya benki au picha za watoto. Kila nakala inayotoka mikononi mwako inaweza kusomwa na mtu usiyemkusudia.

Kwa sababu hiyo hiyo, chunguza anwani unayoitumia. Ipate kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yenyewe, kwenye tovuti rasmi inayoishia .go.ke, au kwenye dawati la Huduma Centre mjini Machakos. Usiichukue kwa mtu wa pembeni anayejitolea “kukusukumia.” Malipo ya serikali hupitia eCitizen, na namba yake ya pebili ni 222222. Mtu akikuomba utume ada kwenye simu yake, hata akiwa na jina la ofisi kwenye picha yake ya wasifu, usitume pesa wala kitambulisho.

Baada ya kutuma

Andika tarehe uliyotuma. Angalia mkataba wa huduma uliobandikwa ofisini uone ofisi imeahidi kujibu ndani ya siku ngapi. Siku hizo zikipita bila jibu, usiandike barua mpya. Fungua ile ya kwanza, bonyeza pa kujibu, na uongeze sentensi mbili: “Narejelea ombi langu la tarehe fulani hapa chini kuhusu rekodi 3127/88. Naomba kujua limefika hatua gani.” Kwa njia hiyo viambatisho na maelezo hubaki mahali pamoja. Ukituma barua tatu tofauti, zinaweza kuangukia makarani watatu, kila mmoja akidhani mwenzake anashughulikia.

Ukijibiwa kwamba rekodi haikuonekana, usikate shauri kwamba hukusajiliwa. Uliza walitafuta kwa jina gani na mwaka gani. Kumbuka kwamba tarehe ya kusajiliwa si lazima iwe ile ya kuzaliwa. Mtoto wa mwezi wa Desemba 1988 huenda aliandikwa mwaka uliofuata, na rekodi yake ikawa kwenye kitabu cha 1989. Omba mwaka huo pia utazamwe, pamoja na tahajia nyingine ya jina. Kyalo anaweza kuwa aliandikwa Kialo, na Mueni akaandikwa Mweni.

Siku ya kuchukua cheti, nenda na kitambulisho halisi na barua uliyoandika. Kabla ya kuondoka dirishani, linganisha cheti kipya na barua yako mstari kwa mstari: jina, tarehe, mahali, baba, mama, na namba ya rekodi. Herufi iliyokosewa wakati wa kunakili ni rahisi kurekebishwa ungali pale, kitabu kikiwa wazi, kuliko miezi sita baadaye ofisi ya pasipoti itakapoiona.

Ukifika nyumbani, ipige picha pande zote, na uandike namba ya rekodi kwenye daftari la familia pamoja na za watoto wako. Karatasi ikipotea tena, namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye mada ya barua yako.